Dema halijulikani Ruiru: namna nilivyojifunza kueleza utafiti wa chanjo

Mdogo wangu ameolewa Ruiru. Nilipokwenda kumjulia hali, nilimkuta ana wageni. Chama chao cha akina mama hukutana Jumapili alasiri, na zamu ya siku hiyo ilikuwa kwake. Walipomaliza kuhesabu michango, mmoja wao akaleta jambo lililokuwa likiwasumbua. Binti yake anakaribia umri wa kuchanjwa dhidi ya HPV, kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi. Amesikia kuwa sindano moja yatosha, hapana haja ya mbili. Lakini amesikia pia kuwa jambo hilo lilijaribiwa kwa wasichana wa Thika, na kwamba wengine "walipewa bandia na kuachwa waugue". Je, mzazi aseme ndiyo au la?

Mdogo wangu akanisukumia mzigo. "Muulizeni dadangu. Amesomesha baolojia Mombasa miaka mingi."

Nilidhani ni kazi ya dakika tano. Ikawa ya saa nzima, na robo saa ya kwanza niliipoteza bure. Nawaeleza hapa kilichoharibika na kilichofaa, kwa sababu swali hilo hilo litakufikia nawe uliye Kisauni, Kilifi au Lamu, kutoka kwa jirani, wifi au mama mkwe, na itakubidi ulijibu kwa mdomo, bila karatasi.

Kwanza tujue utafiti wenyewe. Unaitwa KEN SHE. Ulifanyika Thika, Nairobi na Kisumu. Kuanzia Desemba 2018 hadi Juni 2021 waliandikishwa na kufuatiliwa wasichana na wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20. Waligawanywa makundi matatu. Makundi mawili yalipewa sindano moja ya chanjo ya HPV, kila kundi na aina yake ya chanjo. Kundi la tatu lilipewa chanjo ya homa ya uti wa mgongo. Msichana hakujua amepata ipi, na waliomhudumia hawakujua. Baada ya miezi 18 ikatazamwa nani ameambukizwa HPV ya namba 16 au 18, aina mbili zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani hiyo.

Hayo nayajua. Kazi ilikuwa kuyafikisha.

Dema langu

Kitu kigumu katika habari hii si chanjo. Akina mama wote pale wamewahi kupeleka watoto kliniki. Kigumu ni mgawanyo: kwa nini watu wapangwe kwa kura, na kwa nini wengine wapewe kitu kingine? Hilo lisipoeleweka, utafiti wote waonekana kama dhuluma.

Nikatumia mfano ninaoupenda. Nikawaambia: chukulieni mvuvi ana chambo kipya, ataka kujua kama chavuta samaki kuliko cha zamani. Ana madema ishirini. Akiweka chambo kipya kwenye madema yaliyo karibu na mwamba, na cha zamani kwenye yaliyo mchangani, akapata samaki wengi mwambani, atajuaje kama ni chambo au ni mwamba?

Mombasa mfano huu haujanisaliti hata siku moja. Ruiru nilitazamwa kwa adabu. Nikauliza, "Tuko pamoja?" Wakajibu kwa sauti moja, "Tuko pamoja." Nikaendelea. Mpaka bibi mmoja aliyekaa karibu na mlango, ambaye wenzake walimwita Shosho, akanyoosha mkono: "Mwalimu, dema ni nini?"

Hakuna aliyekuwa akijua. Nusu yao walidhani ni aina ya boti. Nilikuwa nimechukua jambo wasilolijua nikalifunika kwa jingine wasilolijua.

Hapo nikaipata kanuni ya kwanza, ambayo ningepaswa kuijua tangu mwanzo. Mfano ni daraja, na lazima mguu mmoja wa daraja ukae kwenye ardhi ya msikilizaji. Kabla ya kusema, jiulize: ni kazi gani ambayo watu hawa waifanya kwa mikono yao, na waijua kuliko mimi?

Mibuni ya Ruiru

Nikamgeukia Shosho. "Bibi, ulilima nini?" Akasema kahawa. Wengine wakaitikia, wamekulia kwenye kahawa. Ruiru ina kituo cha utafiti wa kahawa, na aina ya mbuni iitwayo Ruiru 11 ilitoka hapo, ikaanza kugawiwa wakulima katikati ya miaka ya 1980 kwa kuwa yastahimili ugonjwa unaoozesha buni changa. Kumbe jibu langu lilikuwa nje ya dirisha.

Nikaanza upya. Safari hii nilisema polepole, nikatua kila baada ya sentensi.

"Shosho ana shamba kwenye mteremko. Chini kuna unyevu. Juu ni kukavu. Ameletewa miche mipya. Aambiwa haiugui. Ataka kujua kama ni kweli. Mipya aipande wapi?"

Mmoja akasema, chini, penye maji. Shosho akamkatiza: "Hapana. Ugonjwa wapenda unyevu. Ukiipanda yote chini, itaonekana mibaya hata kama ni mizuri."

"Basi aipande yote juu?"

"Ukiipanda juu itaonekana mizuri hata kama ni mibaya. Lazima uchanganye."

"Na nani aamue mche huu ukae shimo hili? Wewe mwenyewe?"

Akafikiri. "Nikiamua mwenyewe nitaipendelea. Mipya nimeinunua kwa pesa."

"Basi tufanye nini?"

"Tupige kura," akasema mama mwingine, kabla sijalitaja neno.

Walifika wenyewe. Kila shimo lapigiwa kura: mche mpya au wa zamani. Kwa kura, mipya mingine itakuwa chini na mingine juu, na ya zamani vivyo hivyo. Unyevu utagusa pande zote mbili sawasawa. Tofauti itakayobaki ni ya mche. Nikawaambia kuwa mambo haya kwa hakika yalianzia shambani. Miaka ya 1920 Ronald Fisher, mtaalamu wa hesabu kwenye kituo cha kilimo cha Rothamsted huko Uingereza, ndiye aliyeonyesha kwa nini vipande vya shamba vigawanywe kwa kura. Madaktari waliichukua njia hiyo baadaye.

Kisha nikavuka daraja: "Sasa toa mche, weka msichana. Wasichana wa Thika hawafanani. Kuna mwenye mpenzi mmoja na mwenye watatu. Kuna anayeishi kwao na anayejitegemea. Hao ni juu na chini ya shamba. Ndiyo maana ikapigwa kura."

Tazama urefu wa sentensi hizo. Mwanzoni nilikuwa nimesema hivi: "Washiriki waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu ili sababu nyingine zinazoweza kuathiri maambukizi zisawazike, na tofauti itakayoonekana iweze kuhusishwa na chanjo." Sentensi hiyo haina kosa. Kwenye karatasi, msomaji aweza kuirudia mara mbili. Lakini anayesikiliza hana ukurasa wa kurudi. Anapofika kwenye "zisawazike", "makundi matatu" yamekwisha mtoka. Kwa mdomo, jambo moja lichukue sentensi moja, kisha utue. Kimya kile kifupi ndicho nafasi ya msikilizaji kuliweka jambo mahali pake.

Maneno mawili yaliyoniponza

Nilisema "bahati nasibu". Hilo ndilo neno la vitabuni. Lakini mtaani bahati nasibu ni mchezo wa pesa: kuna anayeshinda na wengi wanaopoteza. Mama mmoja alielewa kuwa kundi la HPV ndilo lililoshinda na wengine walikula hasara. Kwetu pwani lina ubaya zaidi, kwa sababu latukumbusha kamari, na mzee wa mtaa hatasikiliza tena baada ya hapo. "Kura" ni salama. Katika chama chao, anayepokea mzunguko wa kwanza hupatikana kwa kura. Hakuna anayeona ameonewa, kwa sababu zamu ya kila mtu itafika.

Mfano huo wa chama ulinisaidia hata zaidi ya nilivyotarajia, kwa sababu utafiti ulipangwa hivyo: kundi la tatu nalo lipewe chanjo ya HPV baadaye. Nikasema, "Hawakunyimwa. Walipokea mzunguko wa nyuma." Vichwa vikatikisika.

Neno la pili ni "bandia". Watafiti husema dawa bandia wakimaanisha kitu kisicho na dawa ndani, kinachotolewa ili kulinganisha. Lakini kwa mwananchi, bandia ni simu ya bandia, noti ya bandia, mbegu ya bandia iliyokataa kuota. Ni wizi. Neno hilo likishatamkwa, hakuna maelezo yatakayolisafisha. Na katika habari hii ya Thika halikuwa hata sahihi. Kundi la tatu lilipewa chanjo halisi, inayokinga homa ya uti wa mgongo. Nikasema tu hivyo: "Walichanjwa ugonjwa mwingine." Yule mama aliyeleta swali akashusha pumzi. Kilichomkera siku zote hizo kilikuwa neno moja.

Usiulize "mmeelewa?"

Kumbuka walinijibu "tuko pamoja" wakati dema hawalijui. Hawakuwa wanafiki. Ni heshima kwa mgeni, na pia hakuna apendaye kuonekana mjinga mbele ya wenzake. Swali la "mmeelewa?" lina jibu moja tu, na jibu hilo halikuambii kitu.

Kwa hiyo nilipomaliza mibuni nilibadili swali. Nikajitwika lawama kwanza: "Nataka kujua kama mimi nimeeleza vizuri. Mama, ukifika nyumbani, mzee akakuuliza kwa nini wasichana wengine walichanjwa uti wa mgongo, utamjibu vipi?"

Akajibu: "Nitamwambia daktari aliwachunguza, wale wenye hatari zaidi akawapa HPV, na wasio na hatari akawapa ile nyingine."

Hapo ndipo ninapotaka usimame nami, msomaji. Jibu hilo ni kosa, lakini lilikuwa na thamani kuliko "tuko pamoja" zote za alasiri ile. Kwanza, lilinionyesha shimo lilipo. Yeye amezoea kuwa daktari hutazama mgonjwa kisha huchagua dawa imfaayo. Ndivyo hospitali zinavyofanya kazi. Hakuna aliyemwambia kuwa katika utafiti daktari hachagui. Pili, si kosa lake peke yake. Watu wengi duniani wanaoshiriki utafiti wa tiba hudhani hivyo hivyo, hata waliosoma.

Sikumwambia "hapana". Nilirudi shambani. "Kama Shosho angechagua shimo lililo bora kwa kila mche, tungejua mche upi ni mzuri?" Akacheka. "Basi hakuchagua. Ilikuwa kura." Nikamwomba mwenzake alirudie kwa maneno yake. Akasema: "Kama daktari angechagua, ingekuwa kama kupanda yote chini." Sentensi hiyo ilikuwa bora kuliko zangu, na tangu siku hiyo naitumia.

Kipimo kizuri ni hicho: msikilizaji asirudie maneno yako, bali alete yake. Akikariri yako, hujui kama yamezama. Na uulize kila baada ya jambo moja, usingoje mwisho, kwa sababu kosa la mwanzo huharibu yote yatakayofuata.

Asilimia 97.5 kwa mdomo

Ikabaki namba. Matokeo ya KEN SHE yalitangazwa kuwa sindano moja ilizuia maambukizi ya HPV 16 na 18 kwa asilimia 97.5. Nilipoitaja, mama mmoja akasema haraka: "Kwa hiyo katika wasichana mia, wawili na nusu wataugua?"

La. Na kosa hili hufanywa hata redioni. Nikamwomba mdogo wangu alete maharage, nikayapanga mezani.

Wasichana 1,458 ndio waliohesabiwa katika hesabu kuu, yaani wale waliopimwa mwanzoni wakakutwa hawana aina hizo mbili. Kundi lililochanjwa uti wa mgongo lilikuwa na 473, na walioambukizwa ni 36. Kila kundi la HPV lilikuwa na wapatao 490, na aliyeambukizwa ni mmoja tu katika kila kundi. Nikaweka maharage 36 upande huu, moja pale, na moja pale. Sikuhitaji kusema neno. Walitazama meza kimya.

Kisha nikasema: "Asilimia 97.5 maana yake ni hii. Pale ambapo wangeambukizwa 40, chanjo ilizuia 39. Akabaki mmoja." Hesabu ni ile ile, lakini 39 kati ya 40 mtu aweza kuibeba hadi nyumbani. Nikauliza: "Hao 40 ni wasichana wote?" Wakajibu la, ni wale ambao wangeambukizwa. Sasa nilijua tuko pamoja kweli.

Mahali mfano unapokomea

Kila mfano huvunjika mahali fulani, na mwelezaji mwaminifu huonyesha ufa kabla wengine hawajaanguka. Nikawaambia: mbuni hauulizwi. Msichana huulizwa, aweza kukataa, na aweza kujitoa katikati bila kutoa sababu. Mbuni hauumii. Mtu aweza kuumia, ndiyo maana hupimwa na kufuatiliwa. Nisingesema hivyo, ningeacha picha ya mabinti waliopandwa kama miche, na hiyo ingekuwa tetesi mpya niliyoizalisha mwenyewe.

Namba nayo ina mpaka wake. Ilipimwa kwa miezi 18, na kilichopimwa ni maambukizi, si saratani, ambayo huchukua miaka mingi kujitokeza. Chanjo haimtibu aliyekwisha ambukizwa, na haizuii kila aina ya HPV. Kwa hiyo mwanamke aliyechanjwa bado aende kupimwa mlango wa kizazi umri ukifika. Hayo nayo niliwauliza wayarudie.

Shosho aliuliza swali la mwisho, na lilikuwa gumu kuliko yote: je, kulikuwa na haki kuwachelewesha wale wa kundi la tatu? Nikamjibu ninavyoamini. Utafiti ulipoanza mwishoni mwa 2018, Kenya haikuwa na chanjo hiyo katika mpango wa taifa. Mpango ulizinduliwa Oktoba 2019, na ulizinduliwa kwetu Mombasa, kwa wasichana wa miaka 10, sindano mbili. Wale wa miaka 15 hadi 20 hawakuwamo. Hakuna aliyenyang'anywa alichokuwa nacho. Lakini 36 waliambukizwa, na wao ndio waliotuonyesha tofauti. Desemba 2022 Shirika la Afya Duniani liliandika kuwa sindano moja yaweza kutumika kwa wasichana wa miaka 9 hadi 20. Nikamwambia kwamba yeye anaruhusiwa kuliona jambo hili vingine. Kumweleza mtu si kumlazimisha akubali.

Wakaagana. Wawili walisema watapeleka mabinti. Mmoja alisema atazungumza kwanza na mzee, na alijua atamwambia nini. Hilo lanitosha.

Nimerudi Mombasa, na dema langu lina kazi tena. Juzi, mbele ya akina mama wa Mtwapa, nilianza na chambo na mwamba. Mmoja, ambaye mumewe ni mvuvi, akanikatiza: "Lakini mwalimu, hata mkondo wa maji wahesabika." Naam, wahesabika. Ndiyo maana twapiga kura.